Gunia moja la Kibaigwa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: mbukwenyi.

Nimeombwa niseme juu ya mkono usioonekana, yaani jinsi kila mtu anavyotafuta faida yake sokoni na kuwanufaisha wengine bila kukusudia. Somo hili lilipotangazwa wiki iliyopita, mzee mmoja wa mtaani kwangu alinifuata akaniuliza kama nimeanza uganga. Nikamwambia hapana mzee, ni habari ya mahindi. Akasema basi atakuja, na namwona pale mbele. Kwa hiyo jioni hii sitatoka kwenye mahindi. Nitashika gunia moja tu, la kilo 100, lililopita Kibaigwa, na nitalifuata mpaka lituonyeshe pale mkono huo unapofanya kazi na pale unapopapasa gizani.

Kibaigwa wengi wetu tunaijua, ipo kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Mahindi yanashuka pale kutoka Kongwa yenyewe, kutoka Kiteto upande wa Matui, kutoka Mpwapwa, kutoka Gairo. Simama pale mwezi wa 7 uwatazame watu. Mkulima ameleta gunia kwa sababu ada ya shule inamsubiri. Dalali anakimbizana na kila fuso linaloingia kwa sababu ya kamisheni yake. Mpakiaji ananyanyua kwa sababu ya ujira wa gunia. Mwenye lori anataka asirudi Dar es Salaam mtupu. Mama anayesongea ugali wapakiaji naye ana hesabu zake. Hakuna hata mmoja aliyeamka alfajiri akasema, leo nakwenda kuwalisha watu wa Manzese. Lakini Dar es Salaam, mji wenye watu zaidi ya milioni 5 wasiolima mahindi, unakula ugali kila siku, na hakuna ofisi yoyote iliyopanga gunia hili lishuke Tandale Jumanne na lile lishuke Jumatano.

Mskoti mmoja, Adam Smith, alilishangaa jambo la namna hii akaliandika mwaka 1776, katika kitabu kikubwa kuhusu utajiri wa mataifa. Alisema hatutegemei huruma ya muuza nyama wala ya mwokaji mikate ili tupate chakula cha jioni, tunategemea wao kuangalia masilahi yao wenyewe. Watu wengi wanadhani kitabu kizima kinaimba mkono usioonekana. Maneno hayo yamo mara moja tu, mahali anapozungumzia mfanyabiashara anayependelea kuweka mtaji wake nchini kwake kuliko ng'ambo kwa kuogopa hasara, na kwa kufanya hivyo akawanufaisha wenzake bila kukusudia. Na mtu huyu anayesifiwa kama mtume wa biashara huria, mwaka 1778 alipewa ukamishna wa forodha, akamalizia maisha yake akisimamia ushuru. Dunia ina vituko.

Ila sehemu ninayoipenda mimi ni pale anapomtetea mtu ambaye sisi hapa tumemtukana miaka yote, yaani mlanguzi. Yule anayenunua mahindi mwezi wa 7, akayafungia ghalani, akasubiri mwezi wa 1. Nataka tukae naye kidogo, maana ukimwelewa huyu umeelewa kila kitu.

Tufanye hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano, msiniambie kesho kwamba nimetangaza bei. Tuseme gunia mwezi wa 7 ni shilingi 55,000. Mfanyabiashara analinunua. Analiweka kwenye mfuko wa tabaka tatu unaozuia hewa, shilingi 5,000, kwa sababu asipofanya hivyo dumuzi atamaliza kazi kabla ya Krismasi. Wazee mnamkumbuka mdudu huyo, wengine mlimwita Skania, aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Ghala ni shilingi 500 kwa mwezi, miezi 6, hiyo ni 3,000. Kushusha na kupakia 2,000. Fedha aliyonunulia ni ya mkopo, tuseme riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kwa miezi 6 inafika 6,600. Na kwa vyovyote kuna punje zitakazoharibika au kumwagika, tuweke 1,650. Jumlisha: gunia la 55,000 mpaka mwezi wa 1 limeshamgharimu 73,250.

Sasa ikiwa mwezi wa 1 bei ni 80,000, anapata faida ya 6,750. Huyo ndiye tunayemwona na kumnung'unikia. Lakini ikiwa mikoa mingine imepata mahindi mengi, au Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umefungua maghala na kushusha akiba yake sokoni, bei ikawa 65,000, amepoteza 8,250 kwa kila gunia. Huyo hatumwoni. Anauza fuso lake kimyakimya na mwaka unaofuata hayupo.

Tazameni sasa amefanya nini bila kukusudia. Mwezi wa 7 mahindi yamejaa mpaka yanamwagika barabarani. Yeye ameondoa magunia yake sokoni wakati huo, kwa hiyo mkulima anayeuza mwezi wa 7 amepata bei nzuri kidogo kuliko ambavyo angepata bila yeye. Mwezi wa 1, sisi huku kwetu Dodoma mvua ni moja tu, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 4, mashamba ni mabichi na vihenge vimekauka. Hapo ndipo anayatoa. Na kwa kuyatoa, bei ya mwezi wa 1 imekuwa ndogo kuliko ambayo ingekuwa. Amehamisha chakula kutoka mwezi wa shibe kwenda mwezi wa njaa. Smith alimfananisha na nahodha anayeona kwamba chakula kilichomo melini hakitafika bandarini, akaanza kupunguza posho ya mabaharia mapema. Mabaharia wanamlaani. Lakini kama angewaacha wale watakavyo, siku za mwisho wangekula kamba.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inatupa pia kipimo. Kama wanaohifadhi ni wengi na hakuna anayewazuia, tofauti ya bei kati ya mwezi wa 7 na mwezi wa 1 haiwezi kuzidi sana gharama ya kuhifadhi, maana ikizidi, mwingine ataona faida ataingia, na kuingia kwake kutaibana. Kwa hesabu yetu gharama ni 18,250. Ukiona tofauti ya bei ni 20,000 au 22,000, biashara ni ya kawaida, mkono unafanya kazi. Ukiona ni 50,000 miaka mitatu mfululizo, uliza. Ama wanunuzi ni wachache na wameelewana, ama ghala hazipo, ama mkopo haupatikani ila kwa watu watatu mjini. Smith mwenyewe hakuwa mtoto mdogo. Aliandika kwamba watu wa biashara moja ni nadra kukutana, hata kwa kustarehe tu, bila mazungumzo yao kuishia kwenye njama ya kupandisha bei. Kipimo ni hicho hicho kwa umbali: toa bei ya Kibaigwa kwenye bei ya Tandale, halafu linganisha na nauli, ushuru na kibarua. Kinachobaki kinakueleza kama kuna ushindani au kuna ukoo.

Wapo humu ndani wanaokumbuka tulivyojaribu njia nyingine. Miaka ya 1970 mahindi yalinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kwa bei moja nchi nzima. Nia haikuwa mbaya hata kidogo. Mkulima wa Rukwa asionewe kwa sababu amezaliwa mbali na Dar es Salaam. Lakini bei ilikuwa inabeba habari, na habari yenyewe ni umbali. Ulipoifanya moja, mkulima wa Rukwa na wa Ruvuma akaambiwa na bei kwamba yuko karibu na soko kama wa Morogoro. Akalima sana, na alikuwa na haki. Shirika likabeba nauli ya kuvuka nchi nzima, likawa linapata hasara kila linaponunua vizuri. Na aliyekuwa kweli karibu na walaji akaona bei ya shirika haimlipi, akauza kwa njia ya panya. Mwaka 1983 ilipokuja operesheni ya wahujumu uchumi na walanguzi, yule anayehamisha gunia kutoka penye mengi kwenda pasipo na kitu ndiye aliyekimbia porini na baiskeli yake. Baadaye masharti yakalegezwa katikati ya miaka ya 1980, na biashara iliyokuwa ya usiku ikahamia mchana.

Nimeyasema haya ili isionekane nadharau huo mkono. Sasa turudi kwenye gunia letu, maana lina kasoro tatu na zote hazionekani kwenye bei.

Ya kwanza mnaijua, mnacheka hata kabla sijaitaja. Lumbesa.

Sheria ya Vipimo inasema mazao yasifungashwe kuzidi kilo 100 kwa gunia. Lumbesa ni lile gunia lililoshonewa kilemba juu, limevimba kama mtu aliyekula harusini, linabeba kilo 120 na zaidi. Kila mwaka tunaambiwa ni wizi. Mimi nimefundisha uchumi sekondari miaka mingi, na mwanafunzi mmoja aliwahi kunibana kwa swali zuri. Mwalimu, alisema, kama kila mtu anajua lumbesa ni kilo 120, wizi uko wapi? Si bei itapanda tu? Kilo ikiwa 550, gunia la kilo 100 ni 55,000 na lumbesa itakuwa 66,000. Mnunuzi akitoa pungufu, mwingine ataongeza mpaka ifike 66,000. Ushindani utamaliza kazi.

Sikuwa na jibu siku hiyo, nikamwambia aandike vizuri daftari lake. Jibu nililipata baadaye, nikiwa nimekaa kwenye mkokoteni Kibaigwa nikimsubiri shangazi yangu auze magunia yake 8.

Wanunuzi wawili walikuja. Wa kwanza alikuwa na mizani. Alisema atapima, na atalipa kilo kwa 550, maana yake gunia 55,000. Wa pili hakuwa na mizani, alikuwa na gunia lake tupu refu na sindano. Alisema: mama, mimi gunia nakupa 58,000. Shangazi akamchagua wa pili bila kufikiri, na mimi mwenyewe nilikaa kimya. Ni 58,000 dhidi ya 55,000, nani asiyejua kuhesabu? Yakajazwa kwenye magunia yale marefu, magunia yake 8 yakawa 6 na kilo 80. Baadaye nikagawanya: 58,000 kwa kilo 120 ni kama 483 kwa kilo. Mwenye mizani, yule mwaminifu, aliondoka mikono mitupu.

Mmeona kilichotokea? Ushindani ulikuwepo. Wanunuzi walikuwa wawili, walishindana kweli, na ushindani wenyewe ndio uliomtoa mwaminifu sokoni. Kwa sababu kinachoshindanishwa ni kile muuzaji anachokiona, na shangazi aliona bei ya gunia, hakuona bei ya kilo. Mfanyabiashara akikaa siku tano anashindwa na wa lumbesa, siku ya sita na yeye atatafuta sindano, hata kama usiku anasali. Mmoja peke yake hawezi kuiacha.

Na kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana kwenye mikutano. Gharama nyingi za gunia hulipwa kwa idadi: ushuru pale unapotozwa kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, gunia tupu linanunuliwa moja moja. Chukua lori la tani 30. Ukifunga kilo 100 una magunia 300. Ukifunga kilo 120 una magunia 250. Ikiwa vitu hivyo vyote vinafika 4,000 kwa gunia, umeokoa 200,000 kwa safari moja, bila kumdhulumu mkulima hata punje. Anayelipia hapo ni halmashauri, na mgongo wa mpakiaji. Kwa hiyo hata mkulima akijanjaruka, lumbesa haifi, maana bado ina kazi nyingine. Nimewaona maofisa wakikamata magunia barabarani huku kituo cha ushuru, hatua chache kutoka hapo, kikihesabu magunia badala ya kilo. Mkono mmoja unafukuza inzi, mwingine unapaka asali. Ushuru na ujira vikihesabiwa kwa kilo, na mizani ikiwa lazima pale mauzo yanapofanyika, sababu nyingi za kushona kilemba zinaondoka zenyewe, na ushindani ule ule uliomfukuza mwaminifu unaanza kumlinda.

Kasoro ya pili hainichekeshi.

Mwaka 2016, kuanzia mwezi wa 5, watu katika vijiji vya huku kwetu, Chemba na Kondoa, na wengine wa Kiteto, walianza kuugua. Macho ya njano, tumbo limejaa maji, kutapika. Waliobainika walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Ilikuwa sumukuvu, kwenye mahindi. Wengi walikuwa wanakula waliyolima wenyewe, kwa hiyo sisemi soko ndilo lililowaua. Nasema tu kwamba mahindi ya namna ile yangeweza kupita sokoni kwa bei ile ile kama mengine yote, na hapo ndipo somo letu lilipo.

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu anayependa hindi lililoteseka: lililokosa maji shambani, lililotobolewa na wadudu, lililoanikwa juu ya udongo, lililowekwa ghalani likiwa halijakauka. Ukiisaga haionekani, na kupika ugali hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa gunia letu la kilo 100 hiyo ni miligramu 1. Shika punje chache za chumvi ya mezani, halafu ufikirie kuzitafuta ndani ya gunia. Tena haijasambaa sawasawa. Imekaa kwenye punje chache upande mmoja, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuchoma bambo mara moja, akatoa mahindi meupe yanayong'aa, na sumu ikabaki inchi nne kutoka pale.

Sasa fikirini wakulima wawili. Mmoja amenunua turubai, ameanika juu yake, amechambua punje zilizooza, amehakikisha yamekauka kabla ya kuyafunga. Kukauka kwenyewe kunapimika nyumbani: weka mahindi kwenye chupa kavu na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika chache, chumvi ikishika ukutani mwa chupa, rudisha juani. Huyo ametumia fedha na siku nyingi. Mwingine ameanika chini, amepiga, amefunga. Wakifika Kibaigwa wote wanapewa bei moja. Mnunuzi si mkorofi, ila hana namna ya kuwatofautisha, kwa hiyo anatoa bei ya wastani kwa wote. Bei ya wastani inamwadhibu mwangalifu na kumzawadia mzembe, na msimu ujao yule mwangalifu atajiuliza turubai lilikuwa la nini. Taratibu ubora unashuka kwa kila mtu, na kila mmoja amefanya uamuzi wenye akili kwa upande wake.

Gharama ikija, inaangukia wote. Mwezi wa 3 mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache, likageuzwa kuwa masharti ya vyeti, lakini malori yaliyosimama mpakani hayakuulizwa nani aliyeanika kwenye turubai. Unaona basi kwa nini nasema hapa mkono hauwezi kujiponya wenyewe. Kwenye lumbesa unahitaji mizani tu, na mizani ni kitu cha mara moja. Hapa unahitaji mtu anayepima, anayeaminika na pande zote, na kila shehena kupimwa upya kwa sampuli zilizotoka sehemu nyingi za mzigo. Ni ghali kwa mwenye magunia 8. Inaanza kuwezekana pale magunia 800 ya wakulima wengi yanapoletwa ghala moja, yakachanganywa na kupangwa kwa madaraja. Wale mnaofuatilia stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani akapewa hati, mnaujadili sana mkopo na bei, na mko sahihi, lakini kwa maoni yangu faida yake kubwa kwa mahindi ya huku kwetu ingekuwa hii ya kupima, na ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote.

Nimebakiza kasoro ya tatu, na nitaomba dakika zangu zote zilizobaki niziweke hapo.

Bibi yangu hakujua mwaka aliozaliwa. Alikuwa anasema alikuwa binti wa kuchota maji wakati wa Mtunya. Vijana, Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita vya Wazungu vilipita hapa. Jeshi la Wajerumani na kisha la Waingereza yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Sasa Mgogo kabla ya hapo alikuwa na njia yake ya kukabili ukame, na ilikuwa njia ya biashara kabisa. Mwaka wa mvua unabadilisha nafaka ya ziada kuwa ng'ombe. Mwaka wa ukame unampeleka ng'ombe kwa jirani mwenye nafaka. Ng'ombe alikuwa benki yenye miguu. Mkono usioonekana ulikuwa unafanya kazi Ugogo kabla Smith hajatafsiriwa na mtu yeyote.

Kwa nini basi ulishindwa? Jeshi lilikuwa limeshaichukua benki, hiyo sehemu moja. Lakini hata kwa aliyebakiwa na ng'ombe kuna jambo ambalo mchumi wa India, Amartya Sen, alilichambua vizuri katika kazi yake ya mwaka 1981 kuhusu njaa kubwa. Ukame ukija, kila mwenye ng'ombe anataka kuuza wiki ile ile. Ng'ombe wamekonda, wauzaji ni wengi, bei inaporomoka. Nafaka inapanda. Mwaka mzuri ng'ombe mmoja, tuseme, anatoa magunia 8. Mwaka mbaya yule yule anatoa 3. Familia iliyokuwa na ng'ombe 5 ilikuwa na magunia 40 ya akiba. Sasa ina 15, na hakuna aliyeiba, hakuna aliyekula njama. Mnada ulikuwa huru kabisa.

Sen alitoa mfano wa Wollo, Ethiopia, mwaka 1973. Watu walikufa kwa njaa, na wakati huo huo chakula kingine kilikuwa kinatoka Wollo kwenda Addis Ababa na Asmara. Na bei ya chakula pale Dessie, mji mkuu wa jimbo, haikupanda sana. Hilo lilinishtua mara ya kwanza niliposoma. Tumezoea kwamba njaa inajulikana kwa bei kupaa. Lakini bei inapaa pale wanaotaka wana fedha mkononi. Mtu aliyepoteza mazao yake, na ng'ombe wake hauziki, hawezi kuipandisha bei hata kwa senti moja. Sokoni ni kana kwamba ameshiba.

Sasa mrudie mlanguzi wetu, yule nahodha mwema. Analeta gunia mahali bei inapomwita. Hana njia nyingine ya kusikia. Kijiji kisicho na fedha hakimwiti, kwa hiyo anakipita kando, anakwenda Dodoma mjini au Dar es Salaam, na kwa kanuni zake hajakosea chochote. Kumpiga faini hakuleti chakula kijijini. Kumwekea bei ya lazima ndio kabisa, ataacha kuja hata pale alipokuwa anakuja. Kinachomgeuza ni fedha mikononi mwa wenye njaa, kama kazi za kulipwa za kuchimba bwawa au ruzuku kwa kaya. Bei ikianza kuita kutoka kule, atafika yeye mwenyewe na fuso lake, haraka kuliko msafara wowote wa serikali. Na pale soko lilipo mbali mno au limekufa kabisa, basi ni mahindi yenyewe kutoka akiba ya taifa, kwa bei nafuu au bure, na hapo tusimsubiri mfanyabiashara.

Shida ni kujua mapema. Tukisubiri bei ya mahindi itupigie kelele, kama Dessie, huenda isipige. Ndiyo maana mimi, ninapokwenda mnada wa Msalato, siulizi bei ya mahindi peke yake. Nauliza dume la miaka mitatu leo linauzwa ngapi, naigawa kwa bei ya gunia, naandika magunia mangapi. Nina daftari. Mwezi mmoja ikishuka kidogo si kitu, ng'ombe hukonda kila kiangazi. Lakini ikianza kushuka mwezi wa 9, wakati maghala bado yana kitu na bei ya mahindi haijatikisika, najua kuna watu mahali fulani upande wa Bahi au Chamwino wameshaanza kuuza ambacho hawakupanga kuuza. Bibi alikuwa anaifanya hesabu hiyo hiyo bila daftari. Alikuwa anakaa barazani akiwatazama watu wanaopita na ng'ombe kwenda mnadani, akiona ng'ombe jike mwenye maziwa yuko kwenye kundi, anaingia ndani kufunika uwele.